Madeni manne na dola 200 kwa mwezi: tuanze na lipi?

*Papa, tunaishi Katuba, Lubumbashi. Bwana anafanya kazi kwa kampuni ya kandarasi mgodini, mimi nauza vitenge soko la Kenya, hapahapa mjini. Tuna madeni manne. Dukani dola 60 za unga na mafuta. Shemeji dola 150, bila riba. Banki lamberi dola 200: kila mwezi tunamlipa 60 za riba na zile 200 zinabaki palepale. Na koopeki, chama cha akiba na mikopo, tulichukua 600 za miezi 12, tunalipa 68 kwa mwezi, imebaki miezi minane. Kuanzia Machi tunaweza kutoa dola 200 kwa mwezi kwa madeni yote pamoja. Dada yangu anasema tuanze na deni dogo tupande hadi kubwa, ili tupate moyo. Rafiki wa bwana kazini anasema tuanze na lenye riba kubwa. Nani ana haki? Niko pia kwenye likelemba ya wamama 10, dola 20 kila mwezi, zamu yangu ni Septemba.*

Mama, anza na banki lamberi, yule mkopeshaji wa mtaani anayekula asilimia 30 kwa mwezi. Rafiki wa bwana ana haki kuhusu deni hilo, na kwa hesabu yenu hakuna la kubishana. Dada yako naye ana haki yake, lakini zamu yake inafika baada ya lamberi kufungwa.

Hizo njia mbili zina majina yake. Ya dada inaitwa mpira wa theluji, na aliyeisambaza sana ni Dave Ramsey, mtangazaji wa redio wa Marekani. Unapanga madeni kwa ukubwa. Yote unayalipa kiwango cha chini kinachodaiwa, na kila pesa inayobaki unaipeleka kwa deni dogo kuliko yote. Likiisha, rejesho lake la kila mwezi unaliongeza kwa deni linalofuata, kwa hiyo nguvu yako inakua kila deni linapokufa. Ya rafiki inaitwa maporomoko. Utaratibu ni uleule, tofauti ni kwamba madeni yanapangwa kwa ukali wa riba, lenye riba ya juu mbele.

Sasa tuangalie pesa zenu. Katika zile dola 200, koopeki inakula 68 na lamberi anakula 60 za riba. Hizo 128 hazina mjadala. Zinabaki 72, na ni hizo 72 tu ndizo watu wawili wanazigombania.

Tumfuate dada kwanza. Machi unalipa duka dola 60, linaisha, na 12 unampa shemeji. Aprili shemeji anapata 72. Mei unammalizia 66 zake, na unabaki na 6. Madeni mawili yamekufa ndani ya miezi mitatu, na nyumbani mtafurahi kweli. Lakini Juni unashika pesa ngapi mkononi? Ni zilezile 72. Mpira haukukua. Duka na shemeji hawakuwa na rejesho la kila mwezi, kwa hiyo kuwafuta hakukufungua hata dola moja. Watu wengi wanaosifu njia hii hawakuambii jambo hilo. Mpira wa theluji umetengenezwa kwa ajili ya nchi ambako karibu kila deni, hata dogo, lina rejesho lake la lazima. Huku kwetu madeni madogo ni ya duka na ya ndugu, na hayo yanadaiwa kwa maneno na kwa uso.

Tuendelee. Lamberi wa kawaida hataki vipande vya kapitali, anataka zile 200 pamoja au aendelee kula riba. Kwa hiyo unaanza kumwekea: 6 za Mei, 72 za Juni, 72 za Julai, jumla 150. Agosti unafikisha 200 na kumfunga, na 22 zinabaki. Kuanzia Machi hadi Agosti umemlipa riba ya miezi sita, yaani dola 360, kwa deni la dola 200.

Sasa njia ya rafiki. Duka na shemeji wanangoja. Machi unaweka 72, Aprili zinafika 144, Mei unaongeza 56 na lamberi anafungwa, na 16 zinazobaki unapeleka dukani. Riba umelipa miezi mitatu, dola 180. Na hapa ndipo mpira unapokua: Juni hakuna tena 60 za lamberi, unashika 132 mkononi. Unamaliza 44 za duka na kumpa shemeji 88. Julai unampa 62 zilizobaki, na mfukoni bado una 70. Umemaliza wote watatu mwezi mmoja kabla ya njia ya dada, na dola 180 hazikutoka nyumbani.

Mtu atauliza kama tofauti huwa kubwa hivi siku zote. Hapana. Ingekuwa deni lako kali lina riba ya asilimia 4 kwa mwezi na mengine asilimia 3, nisingekusumbua na mahesabu, ningekuambia mfuate dada yako ulale vizuri. Kinachoamua hapa ni ile asilimia 30 kwa mwezi. Kwa riba hiyo kila miezi mitatu na siku chache mnanunua deni lenu upya.

Kabla ya Machi kuna mambo mawili ya kujaribu, na yote mawili yanashinda kubishana juu ya dada na rafiki.

La kwanza, nenda kwa lamberi na bwana wako, msiende kwa kuomba huruma. Mwambieni: tukikuletea 100 mwisho wa Aprili, utaandika kwamba kapitali imebaki 100 na riba ya Mei ni 30? Wengine wanakataa, maana mteja anayelipa riba bila kugusa kapitali ndiye mteja wao mzuri. Lakini wengine wanakubali, hasa wakisikia kazi ya kandarasi inaweza kukatika siku yoyote na pesa yao ikapotea. Akikubali, riba yote inakuwa 60, 60 na 30, yaani 150 badala ya 180. Si nyingi, ila ni gunia la unga.

La pili ni likelemba, na hapa ndipo kuna pesa ya kweli. Wamama 10 kwa dola 20 ni mfuko wa 200. Kapitali ya lamberi ni 200. Zamu yako ya Septemba najua umeipangia minervali, pesa ya shule ya watoto, na wamama wengi wa soko wanapanga vilevile. Lakini dola 200 za Septemba zikija Machi zinafanya kazi nyingine kabisa. Mwone mama mwenye zamu ya Machi, umwombe mbadilishane. Kama anasita, mpe dola 10 za shukrani, au kitenge kimoja kutoka mezani kwako. Mbadilishano huo uandikwe kwenye daftari la likelemba mbele ya mama anayelishika, asije mtu akasema Septemba kwamba hakusikia.

Ikiwezekana, hesabu inakuwa hivi. Machi unalipa riba ya mwezi huo, 60, na mfuko wa likelemba unamaliza kapitali siku hiyohiyo. Zile 72 zako zinafunga duka, na shemeji anapata 12. Aprili umeshika 132, unampa shemeji zote, na deni lake linabaki dola 6 tu. Mei shemeji ameisha na 126 ziko kwenu. Riba ya lamberi imekuwa 60 tu, badala ya 180 au 360.

Bei yake ni kwamba Septemba hakuna mfuko, na zile 20 za kila mwezi utaendelea kuzitoa hadi mzunguko uishe. Ukishapokea, likelemba nayo imekuwa deni. Halina riba, lakini ukilikwepa unapoteza jina sokoni. Kwa hiyo zile 126 za Mei zisigeuke kuwa pesa ya sherehe: 200 za kwanza mtakazokusanya ni za minervali, na zitakuwa zimetimia mwezi wa Juni. Ziweke kwenye M-Pesa au Airtel Money ya namba ambayo simu yake haizunguki mikononi mwa watoto, au mahali pengine unapoamini. Ukiona Julai zimepungua hata kidogo kwa matumizi ya nyumbani, ujue mbadilishano ule unaelekea kukurudisha kwa lamberi Septemba, na hapo ungekuwa umefanya kazi ya bure.

Kuna mambo ya siku yenyewe ya kumfunga lamberi, na nayaeleza kwa urefu kwa sababu hapo ndipo nimeona familia zikilipa mara mbili. Wengi wao wanahesabu mwezi ulioanza kama mwezi mzima. Kama ulikopa tarehe 5, ukimletea pesa tarehe 7 atakudai riba nyingine ya 60, eti mwezi mwingine umeingia. Uliza tarehe yenu, na ulipe siku mbili au tatu kabla yake. Kama mshahara wa bwana unatoka baada ya tarehe hiyo, bora ukope dola chache bila riba kwa siku mbili kuliko kuvuka tarehe. Kama mlimwachia kitu, televisheni, kadi ya benki ya bwana au karatasi za kiwanja, kirudi mkononi mwenu wakati uleule pesa inapohesabiwa, kabla hamjaondoka mlangoni. Kama ni kadi, bwana abadilishe namba ya siri kwenye mashine siku hiyohiyo. Na aandike karatasi: jina lake, majina yenu, kwamba amepokea dola 200 za kapitali pamoja na riba ya mwezi fulani, na kwamba hana tena anachowadai, tarehe na sahihi, na shahidi mmoja asiye ndugu yenu. Kama mlitia sahihi karatasi wakati wa kukopa, ichaneni mbele yake. Akisema "karatasi iko kwa mke wangu, mtaipata kesho", kaeni mngoje mke wake.

Kwa nini basi nasema dada yako ana haki? Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Northwestern, David Gal na Blakeley McShane, waliangalia kumbukumbu za watu waliokuwa wakijaribu kujitoa kwenye madeni mengi. Waliona kwamba aliyefanikiwa kufunga madeni mengi kwa idadi, hata yakiwa madogo, alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuyamaliza yote. Ni Marekani, na ni madeni ya aina nyingine, lakini inafanana na ninavyoona kwa wateja: mtu anayeweka pesa miezi mitano bila kuona jina hata moja likifutwa, mwezi wa sita anazila. Katika hesabu yenu bahati ni kwamba lamberi anaisha mapema. Hata bila likelemba ni miezi mitatu, na nadhani miezi mitatu mnaweza kuivumilia.

Ndipo baada ya hapo njia ya dada inashika. Duka na shemeji wote hawana riba, kwa hiyo mahesabu hayana cha kusema, na mdogo anatangulia. Duka kwanza. Kuna sababu nyingine tena: dukani ndiko mnakopata unga wa bukari wiki mshahara unapochelewa, na mwenye duka aliyelipwa ndiye atakayewapa tena. Ila angalia pia kama bei anayokuandikia kwenye daftari la mkopo ni ileile ya anayelipa taslimu. Wengi wanaongeza kitu kidogo kwa kila kilo, na hiyo ni riba iliyofichwa ndani ya unga. Kama ndivyo, baada ya kumlipa nunua taslimu kila unapoweza. Na kama deni lenu lake liko kwa franka, mlipe kwa franka. Usikubali aligeuze kuwa dola siku ya kulipa kwa kiwango anachokijua yeye.

Shemeji asingoje bila neno. Bwana ampigie kabla ya Machi, amwambie mwezi gani ataanza kuona pesa yake, na mwezi huo asikose. Ndugu anayejua tarehe ni tofauti na ndugu anayesikia kwa watu kwamba mmelipa mwingine kwanza. Kama yeye mwenyewe ana shida sasa hivi, mtoto hospitali kwa mfano, hesabu yangu inavunjika na mnamsaidia, hilo halihitaji mtaalamu.

Mshahara wa kandarasi unachelewa, unajua kuliko mimi. Ukichelewa mwezi mzima kabla lamberi hajafungwa, riba ndiyo inayotangulia, kwa sababu 60 zisizolipwa zinaingia kwenye kapitali: 200 zinakuwa 260, na riba ya mwezi unaofuata ni 78. Baada ya riba ni koopeki, kwa sababu ya faini na kwa sababu kuna watu waliowadhamini ambao mlango wao utagongwa. Pesa mliyokwisha kumwekea lamberi ndiyo akiba yenu ya dharura katika miezi hiyo, mnaweza kuigusa kwa hayo mawili tu. Biashara ya vitenge isiguswe. Nimeona mama akiuza mzigo wake wote kwa bei ya hasara ili amalize deni, na wiki iliyofuata akakopa upya kununua mzigo.

Imebaki koopeki. Hapa njia ya maporomoko inaweza kukudanganya, kwa hiyo tusiende haraka.

Rejesho lenu la 68 ni 50 za kapitali na 18 za riba. Hizo 18 ni asilimia 3 ya dola 600, na zinabaki 18 kila mwezi, hata mwezi wa mwisho mtakapokuwa mnadaiwa 50 tu. Ndiyo riba ya moja kwa moja, inayohesabiwa juu ya mkopo wa mwanzo bila kujali mlichokwisha kurudisha. Ukiihesabu juu ya pesa ambayo kweli bado iko mikononi mwenu, mkopo huo unagharimu karibu asilimia 5 kwa mwezi, si 3. Ukisikia asilimia 5 unaweza kusema: basi baada ya lamberi, tukimbilie koopeki kabla ya duka na shemeji. Subiri. Swali si riba ni kali kiasi gani. Swali ni kama dola mtakayoilipa mapema itapunguza riba hiyo. Katika mikataba mingi ya namna hii riba ya miezi yote 12 imekwisha kuandikwa siku ya kwanza. Ukileta pesa mapema wanazipokea kwa tabasamu na riba inabaki ileile. Hapo kulipa mapema hakukupi kitu, unajinyima tu pesa ya mkononi.

Kwa hiyo nenda kwenye dirisha na kitabu chako, uulize hivi: "Nikitaka kufunga mkopo wangu leo, jumla nalipa ngapi?" Leo, kabla ya rejesho la Machi, jibu linaweza kuwa 544, yaani 68 mara nane. Maana yake hawasamehi chochote, na mtaendelea kulipa 68 kila mwezi hadi Oktoba, bila kuongeza hata dola moja. Jibu likiwa 400, au 400 na kitu kidogo cha adhabu, maana yake wanafuta riba ya miezi iliyobaki, na koopeki inaingia kwenye foleni baada ya shemeji. Omba waandike jibu hilo kwenye karatasi yenye muhuri, kwa sababu ajenti wa Juni anaweza asiwe yule wa Februari.

Tuseme wanafuta, na likelemba mmebadilishana. Mwisho wa Juni, baada ya kulipa rejesho la mwezi huo, mna 258 mkononi na koopeki inadai 200 za kapitali. Mkifunga siku hiyo mnaokoa dola 72 za riba, lakini mnabaki na 58 tu na minervali inakuja. Mimi ningefunga, kwa sababu Julai na Agosti hakuna tena deni lolote ila zile 20 za likelemba, na zile 200 mnazotoa kila mwezi zinakuwa zenu: mnafika mwisho wa Agosti na 458. Ila kama wakati huo kampuni ya bwana imeanza kuchelewesha mishahara, acheni 258 zikae, lipeni 68 kama kawaida, na mwende kuuliza dirishani tena Julai.